Tofauti ya 301.50: nilivyosafisha fidi ya benki iliyoleta miamala mara mbili baada ya kuiunganisha upya

Mimi natunza vitabu vya biashara ndogo kadhaa, na hii ni ya mteja mmoja ambaye fidi yake ya benki, ule muunganisho unaoleta miamala kutoka benki moja kwa moja, ilikatika tarehe 4 Machi, ruhusa aliyoipa benki iliisha muda na hakuna aliyegundua mpaka tarehe 19 nilipoingia kwenye programu ya uhasibu nikaona mistari mipya hakuna. Nikamtumia linki, akaidhinisha, programu ikaniuliza nivute miamala kuanzia lini. Hapa ndo nilipokosea mwenyewe. Kwa kuogopa kuacha pengo nikaweka tarehe 1 Februari, nikajisemea ikileta ya zamani si itaitambua tu.

Haikuitambua. Ikaja mistari 87, na kibaya zaidi nilikuwa na sheria za otomatiki zinawaka, zile za kwamba malipo ya kampuni fulani yapeleke matumizi fulani bila kuniuliza, kwahiyo mistari 23 ikaingia kwenye leja kabla hata sijanywa chai, na 64 ikabaki kwenye For review ikinisubiri. Nikaanza kubonyeza kama kawaida, ya tarehe 5 Machi kuja huku nikaimaliza, ya nyuma nikaiacha, ila kuna pesa moja ya mteja 900 nikaibonyeza Add bila kuangalia tarehe vizuri.

Jioni mwenye biashara akanipigia: "Dada, mbona mauzo ya Februari yamepanda wakati mwezi uliniambia umeshafunga?" Nikamwambia kaka nipe siku moja. Nilikuwa nimeufunga kwa mdomo tu, tarehe ya kufungia kwenye programu sikuiweka, ningeiweka isingekubali kirahisi kitu kipya kiingie Februari.

Nikaangalia salio. Benki 6,212.50, leja 5,911.00. Tofauti 301.50. Nakiri nilishawishika, kwanza nikatafuta muamala wowote wa 301.50, haupo, nikatafuta wa nusu yake, haupo, nikafikiria kupiga marekebisho ya 301.50 nilale. Nashukuru sikufanya, maana hiyo namba haikuwa kosa moja, yalikuwa makosa matatu yamekulana yenyewe kwa yenyewe, na ningeyafunika yote kwa pamoja.

Kwanza nielezee kwa nini programu haikutambua. Kila mstari wa fidi unakuja na namba yake ya utambulisho ambayo wewe huioni, programu ikiona namba ileile inauruka. Mimi nilipounganisha upya, muunganisho ulikuwa mpya kabisa, na namba zikaja mpya. Hapo programu inabaki na njia ya pili, kulinganisha tarehe, kiasi na maelezo. Sasa kwenye malipo ya kadi muunganisho wa zamani ulikuwa unaleta jina la muuzaji tu na tarehe ya kununua, huu mpya unatanguliza neno kadi na tarakimu nne za mwisho, na tarehe ni ile pesa ilipotoka rasmi, siku moja au mbili mbele. Kwahiyo kwa macho ya programu ni miamala tofauti, ikaileta yote tena. Lakini hiyohiyo njia ya pili ilifanya kosa la upande mwingine ambalo nililiona baadaye sana, ntafika huko.

Nilichofanya cha kwanza ni kuzima sheria zote za otomatiki, kisha nikaacha kabisa kuangalia fidi. Ukitafuta marudio kwa kuangalia fidi unatafuta ukweli kwa shahidi aliyedanganya. Nikaingia benki yenyewe nikashusha steitimenti ya 1 Februari mpaka 19 Machi kama CSV, nikashusha na rejista ya akaunti hiyo kwenye leja kwa tarehe hizohizo, nikaziweka kwenye faili moja la Excel, shiti mbili, Benki na Leja. Tarehe safu A, kiasi safu C, pesa inayotoka na alama ya kutoa. Steitimenti yangu ilikuwa na safu mbili za kutoka na kuingia, nikaziunganisha kuwa moja.

Usitumie Remove Duplicates, tafadhali. Tarehe 14 Februari huyu mteja alilipa 120 mara mbili siku moja sehemu moja, halali kabisa, risiti mbili ninazo. Kile kitufe kingeua moja. Swali sahihi ni je, benki inao mara ngapi na leja inao mara ngapi. Kwahiyo nikahesabu, nikatoa nafasi ya siku 3 mbele na nyuma kwa sababu ya zile tarehe za kadi:

```
=COUNTIFS(Leja!C:C,C2,Leja!A:A,">="&A2-3,Leja!A:A,"<="&A2+3)
-COUNTIFS(Benki!C:C,C2,Benki!A:A,">="&A2-3,Benki!A:A,"<="&A2+3)
```

Niliiweka kwenye shiti zote mbili. Jibu likiwa juu ya sifuri leja imezidisha, likiwa chini leja imepungukiwa. Mara ya kwanza zilitoka sifuri tupu mpaka chini, nikafurahi kama mtoto, kumbe tarehe zote zilikuwa maandishi siyo tarehe, fomula haikupata chochote pande zote mbili na sifuri kutoa sifuri ni sifuri. Pima na ISNUMBER kwenye safu ya tarehe kabla hujasherehekea. Nikazibadili kuwa tarehe za kweli, nikarudia.

Sasa picha ikaja. Zile 120 za tarehe 14, benki 2, leja 4, fomula inasema 2. Ina maana natakiwa kutoa mbili, siyo tatu. Nikifuata hivyohivyo zikapatikana 9 za kadi zilizoingizwa na otomatiki mara ya pili, jumla yake 1,219.00, saba za Februari na mbili za mwanzo wa Machi. Ile 900 niliyobonyeza Add ikaonekana nayo, benki 1, leja 2. Ya kwanza ilikuwa imelipia invoisi yake vizuri tu, ya pili ikaingia mauzo moja kwa moja, ndo yale mauzo ya Februari aliyoyaona mwenye biashara.

Kutoa ipi ndo sehemu ya kuwa makini. Februari nilikuwa nimeshaifanyia usuluhishi wa benki, salio la 28 Februari 8,640.00 lilikubaliana, na miamala yote ya mwezi huo ina alama ya R, yaani imeshasuluhishwa. Nakala mpya hazina R. Ukigusa yenye R salio la kuanzia la usuluhishi unaofuata linavurugika na hapo utalia zaidi ya mwanzo. Kwa zile mbili za Machi hakuna R popote, nikafungua historia ya kila muamala, uliotengenezwa tarehe 19 ndo unaondoka, wenye risiti iliyobandikwa unabaki.

Na kuondoa kwenyewe sikufuta kwenye leja. Kwenye programu hii ukifuta leja tu, mstari wa fidi unarudi kwenye For review, na kesho mtu mwingine au sheria ya otomatiki inauingiza tena. Nikaenda kwenye orodha ya iliyokwishaingizwa, Undo, ukirudi For review, Exclude. Kumi zote hivyo. Halafu kule For review kulikuwa bado na 39 za nyuma ambazo sikuzigusa, nazo nikazi-Exclude baada ya kuhakikisha kila moja fomula inaonyesha sifuri, yaani leja tayari inayo.

Nikapiga hesabu. 1,219.00 zimerudi, 900 zimetoka, leja ikawa 6,230.00. Benki 6,212.50. Sasa leja imezidi kwa 17.50! Nusu nizime kompyuta.

Nikarudi kwenye shiti ya Benki nikatafuta zilizo chini ya sifuri. Tarehe 6 Machi kuna ada ya kuhamisha pesa 2.50, benki inazo 5 na leja ina 1. Tarehe 16 Machi zipo 4, leja 1. Hapa fomula inaonyesha -4 kwenye mistari yote mitano, usiijumlishe ukapata 20, ni nne zinazokosekana tu. Nne na tatu, saba, mara 2.50 ni 17.50. Hii ndo ile nilisema ntafika: ada zote tarehe moja, kiasi kimoja, maelezo yaleyale neno kwa neno, programu ikadhani ni marudio ikazimeza ikabakiza moja moja. Yaani chujio hilohilo lilipitisha nakala za kadi na likazuia ada halali. Kwahiyo 301.50 yangu ilikuwa 1,219.00 kutoa 900 kutoa 17.50.

Kuzirudisha nikatengeneza CSV yenye mistari 7 tu, sikupakia steitimenti nzima, maana hiyo ingenianzishia mchezo upya. Nikapakia, ikasema imeingiza 0. Bila shaka, chujio limezimeza tena. Nikabadili maelezo, "ada 2", "ada 3" na kuendelea kwa kila siku, zikapita zote saba. Ungeweza pia kuziandika kwa mkono kwenye leja, ni sawa tu, mimi nilitaka zionekane kwenye fidi.

Leja 6,212.50. Lakini salio kukubaliana peke yake sikuliamini tena, nilishaona makosa yanavyofichana. Nikahesabu mistari ya 5 mpaka 19 Machi, benki 45, upande wangu 38 za fidi na 7 nilizopakia, 45. Nikafungua usuluhishi wa Machi, salio la kuanzia bado 8,640.00, nikauendesha mpaka tarehe 19 kwa salio lililokwishaingia rasmi siyo lile linaloandikwa la kutumia, maana hilo linakata na malipo ambayo bado yanasubiri. Tofauti 0.00. Mauzo ya Februari yakarudi yalipokuwa, nikaweka tarehe ya kufungia 28 Februari, safari hii kwenye programu, na nywila juu.

Asubuhi ya tarehe 20 fidi ikaleta mistari 3. Nikaingia benki kwanza, nikahesabu, 3. Ndo nikawasha sheria ya kwanza ya otomatiki, moja tu, zingine nikaziacha wiki nzima zimezimwa.