Vile tulifuatilia kiluwiluwi cha anofelesi tulichokuta kwa tangi la maji Mukuru

Kwa matangi na mapipa ya Nairobi viluwiluwi vya mbu tunavyokuta karibu kila mara ni kuleksi ama aedesi, na ukishazoea hii kazi unavijua hata bila maikroskopu kwa sababu vyote vinaning'inia kichwa chini vikipumua kwa kimrija kilicho mwisho wa mwili, kuleksi ana kimrija kirefu chembamba, aedesi ana kifupi kinene. Sasa kwa tangi moja la mama muuza maji, kwa kijiji kimoja huko Mukuru, nilichota na dipa, kile kikombe chetu cha mpini mrefu, nikamwaga kwa trei nyeupe nikaona kimoja hakining'inii. Kimelala juu ya maji kimenyooka kama kijiti, na hakina kimrija kabisa. Nikakigusa na ncha ya pipeti, kikaruka kinyumenyume, kikazama, halafu kikarudi juu kikalala vilevile. Hiyo ni anofelesi, mbu anayeeneza malaria, na hapo kwa tangi hatukuwa tunamtarajia.

Kazi yenyewe ilikuwa sevei ya maji tu. Tunaenda nyumba kwa nyumba na mhudumu wa afya wa kijiji, tunauliza watu wanaweka maji kwa nini, yanatoka wapi, chombo kina kifuniko, kinaoshwa lini, halafu tunachota kuona kama kuna viluwiluwi. Anofelesi tulizoea kumsoma akiwa kwa madimbwi ya chini yanayopigwa na jua, mashamba ya mpunga, alama za kwato za ng'ombe. Nairobi iko juu kama mita 1,700, kuna baridi, na wagonjwa wengi wa malaria wanaopatikana hapa wamesafiri, wametoka Kisumu, Busia, Pwani huko.

Lakini kuna anofelesi mmoja anayependa tangi. Anaitwa Anopheles stephensi, kwao ni Asia ya kusini na nchi za Uarabuni, na yeye anataga kwa maji safi yaliyohifadhiwa, matangi, mapipa, visima, hata katikati ya jiji. Alionekana Djibouti mwaka wa 2012, wakati huo nchi nzima ilikuwa na wagonjwa wa malaria 27 tu mwaka huo, na kufikia 2020 walikuwa zaidi ya elfu 70. Akaonekana Ethiopia 2016, na hapa kwetu watafiti walimpata Marsabit kwa sampuli za 2022, huko Laisamis na Saku. Sasa Marsabit na Nairobi ni barabara moja ya lami, mabasi na malori kila siku, kwa hivyo ukikuta anofelesi kwa tangi la plastiki Nairobi huwezi andika tu "kuna viluwiluwi" ukaenda nyumba ingine. Moyo ulinienda mbio, sitaficha.

Kitu cha kwanza nilifanya ni kunyamaza kuhusu malaria. Tulikuwa tumezungukwa na wateja na mitungi yao na neno moja lingetosha kumharibia yule mama biashara. Akaniuliza, "Kijana wangu, mbona umeinama hapo hivyo, kuna shida na maji yangu?" Nikamwambia, "Mama, kuna wadudu nataka kuchukua niwapeleke maabara, tunakuomba ruhusa, na jibu likija wewe ndio wa kwanza kulijua." Akakubali, ila akataka mzee wa kijiji awe hapo akiona. Ilikuwa haki yake, tukamngoja mzee.

Kuchota kwa tangi kuna namna yake. Ukifungua kifuniko ukaweka kivuli chako juu ya maji viluwiluwi vyote vinazama na utasema tangi ni safi, kwa hivyo nilifungua pole pole, nikasimama upande ambao kivuli hakiingii, nikangoja kama dakika mbili tatu hadi wakarudi juu, ndio nikaingiza dipa kwa pembe kando ya ukuta wa tangi. Dipa yetu inabeba mililita 350. Nilirudia mpaka nikapata anofelesi kumi na mmoja na pupa mmoja, ile hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu, pamoja na aedesi kadhaa.

Nikawagawa. Nusu kwa vichupa vya etanoli, kwa sababu DNA inakaa vizuri hapo, na lebo nimeandika kwa penseli kwa karatasi nikaitumbukiza ndani ya kichupa, wino wa kalamu etanoli inaufuta wote na ukifika maabara una wadudu wasio na kwao. Nusu nyingine nikawaacha hai ndani ya maji ya tangi lenyewe, chupa nusu maji nusu hewa, kifuniko kimelegezwa, ndani ya koolboksi bila barafu, ni ya kuzuia jua tu. Wengi huua wote hapo hapo, na hiyo inawanyima jibu baadaye kwa sababu kumtambua stephensi kwa kiluwiluwi peke yake ni kazi ngumu sana, anafanana na wa kwetu. Mbu mzima ndiye anayeonyesha alama.

Halafu nikaanza kuangalia vile viluwiluwi kwa trei na kuna kitu kilinisumbua. Kiluwiluwi hukua kwa hatua nne kabla ya kuwa pupa. Hawa wangu wote walikuwa hatua ya tatu na ya nne, wakubwa wakubwa, hakuna hata mmoja mdogo. Kama mbu wanaingia kwa tangi wanataga, leo anakuja huyu kesho yule, ungekuta wa kila saizi, wale wadogo kabisa wanaoonekana kama uzi mfupi hadi pupa. Na tangi lenyewe lilikuwa limefungwa vizuri, kifuniko cha kukaza, bomba la kumwagia maji yakijaa limefungwa kitambaa cha neti. Aedesi wangeweza kuingia wakati kifuniko kiko wazi, sawa, lakini hawa anofelesi walionekana ni kama wamekuja pamoja, wa rika moja.

Ndio nikamuuliza mama swali ambalo fomu yetu haikuwa nalo, si maji yake hutoka wapi kwa kawaida, ni haya yaliyo ndani leo yalitoka wapi. Fomu ilikuwa imejazwa "mfereji", na kweli mfereji ndio chanzo chake. Akafikiria kidogo akasema mfereji ulikauka wiki iliyopita, jamaa wa mkokoteni akamletea mitungi bei ya chini, akamwambia ni ya kufulia na kuosha nyumba, ya kunywa mama aliuza ile ya kwa mapipa mengine. "Hata mimi nikayaona yana rangi ya chai," akasema. Chini ya tangi kweli kulikuwa na matope laini, ambayo maji ya mfereji hayaachi hivyo.

Jamaa wa mkokoteni tulimpata kwa urahisi, mhudumu wa afya anajua kila mtu, na hakuficha kitu, akatupeleka mwenyewe. Ni shimo la mjengo, msingi uliochimbwa ukaachwa, ukajaa maji ya mvua za masika, jua linapiga moja kwa moja, hakuna nyasi, maji ya kahawia na vyura wadogo. Kuchota mara ya kwanza tu, anofelesi. Na hapa walikuwa wa kila saizi, wale wa juzi na wale wa leo, na maganda matupu ya pupa yanaelea, maana yake wengine walisharuka. Hapo ndipo mbu walikuwa wanataga. Tangi lilikuwa limebebeshwa tu.

Hiyo ilinipunguzia wasiwasi lakini haikumaliza maneno, kwa sababu stephensi hafungwi na tangi, anaweza pia kutaga kwa maji ya mjengo. Shimo linaeleza wadudu wametoka wapi, haliwezi kukwambia ni nani. Tukachukua sampuli za shimo pia, vichupa tofauti, lebo tofauti.

Maabara wale hai tuliwaweka kwa vikombe vilivyofunikwa na neti, tukawalisha chakula cha samaki kilichosagwa laini, kidogo sana kwa sababu ukizidisha maji yanatengeneza utando juu na wanakosa hewa. Baridi ya Nairobi iliwachelewesha. Walipotoka tukawaua kwa friza na daktari wa wadudu akanikalisha kwa maikroskopu akanionyesha majike, vile vipapasi viwili vilivyo kando ya mdomo. Stephensi ana mikanda miwili mipana myeupe kuelekea ncha, na vidoadoa vyeupe vimenyunyizwa juu ya zile sehemu nyeusi. Wetu walikuwa na mikanda myembamba, nyeusi yao ni safi haina vidoa. "Huyu ni gambiae," daktari akasema, akimaanisha lile kundi lote, kwa sababu ndani ya kundi la gambiae kuna spishi kadhaa zinazofanana kabisa kwa macho na ni DNA tu inazitenganisha.

Wakachukua mguu mmoja wa kila mbu, na wale viluwiluwi wa etanoli, wakaendesha PCR, kipimo cha DNA, ya kundi la gambiae. Bendi za DNA zikatokea kwa urefu wa herufi 315, hiyo ni Anopheles arabiensis, mbu wa kwetu wa siku zote. Ila kiluwiluwi kimoja cha kwa tangi hakikutoa bendi yoyote. Hapa ndipo nilijifunza kitu kikubwa kutoka kwa daktari, kwa sababu mimi ningesema sampuli imeharibika nikaitupa. Akaniambia ile PCR inajua kusoma watu wa kundi la gambiae peke yao, stephensi ukimweka hapo hatoi kitu, kwa hivyo kimya kinaweza kuwa ni DNA mbovu na kinaweza kuwa ni mgeni, na mahali pengine wageni wamelala kwa friza muda mrefu kwa jina la "imekataa". Akatoa DNA upya kutoka kwa kipande kilichobaki, akatuma jeni ya COI, inayotofautisha spishi, isomwe herufi kwa herufi. Ilirudi arabiensis pia. DNA ya kwanza ilikuwa kidogo tu.

Nilirudi kwa mama kama nilivyomwahidi, nikamweleza mbele ya mzee. Tangi tukalimwaga lote na tukalisugua ndani kwa brashi, si kwa sababu ya anofelesi, mayai yake huelea na yangeenda na maji, ni kwa sababu ya aedesi ambaye mayai yake hushika ukutani na yanaweza kukaa makavu miezi yakingoja maji. Mwenye mjengo aliitwa na mzee wa kijiji, akaleta pampu, na lile shimo likajazwa kifusi kabla ya mvua za vuli. Jamaa wa mkokoteni alikasirika kidogo, hiyo ilikuwa riziki yake wakati mfereji umekauka, na sina jibu zuri la kumpa kwa hilo.

Kwa fomu ya sevei tuliongeza mistari miwili baada ya hapo. Mmoja unauliza maji yaliyo ndani ya chombo leo yameletwa lini na yametoka wapi. Wa pili ni wa saizi za viluwiluwi, wadogo wangapi na wakubwa wangapi, na kwa anofelesi yeyote wa kwa tangi, nusu anaenda etanoli na nusu anabaki hai.