Heshtegi ya harusi ya dada: jaribio ya saba sasa

Wiki ya 1. Dada yangu Zawadi anaolewa na Amani mwezi wa 8 hapa Bukavu, na mi nikapewa kazi moja tu, kutafuta heshtegi ya kukusanya picha. Nikajiambia hiyo ni kazi ya dakika tano. Nikachukua Za ya bibi arusi na mani ya bwana, ikatoka #Zamani, fupi, tamu, nikaituma mbio kwa grupu ya familia. Shangazi akajibu: "Njo kusema wameachana tayari?" Wee! Mi nilikuwa naona majina mbili, yeye aliona neno moja lenye anatumia kila siku. Shida njo hiyo: mwenye kutengeneza anajua fasi alishonea, mwenye kusoma hajui.

Siku mbili kisha. #AmaZawa. Sisi huku tunasema "ao", kwa hiyo hakuna mutu wa Bukavu aliyeshtuka, lakini shemeji eko Nairobi akasoma "ama Zawa", sawa vile Amani bado anachagua kati ya wasichana wawili. Imetupwa.

Wiki ya 2. Hii niliipenda sana: #ZawAmani. Zile jina mbili zinagawana a moja katikati, na jina la Amani linabaki zima. Kwa herufi kubwa inapendeza. Ila heshtegi haijali herufi kubwa wala ndogo, #ZawAmani na #zawamani ni kitu kimoja, na wageni wataandika ndogo zote juu ya haraka. Sasa isome ndogo, uikate kisha "zawa": mwisho kunabaki "mani", ongeza i moja tu ni neno lenye siwezi kuandika kwa kadi yenye mama mukwe atashika mukononi.

Na si sisi tu. Mwaka 2013 Margaret Thatcher, waziri mukuu wa zamani wa Uingereza, alipokufa, watu waliandika #nowthatchersdead kusema amekufa, na wengine wakaikata kisha "that", wakalia mwimbaji Cher, mwenye alikuwa muzima kabisa.

Nikafikiri niweke kitu mbele ya kusaidia musomaji. #KwaZawAmani, sawa vile tunasema kwa fulani, nyumbani kwake. Hapa njo nilipata kipimo changu: naandika herufi ndogo kwa karatasi, bila kueleza kitu, nampa mutoto wa jirani, eko darasa la tatu, bado anasoma na kidole. Mutu mukubwa anakisia, mutoto anasoma chenye kiko. Kidole kikaenda polepole: "kwa… za… kwaza!" Akaniangalia. "Ya, kwaza ni kuangusha mutu?" Ndiyo kabisa, kumukwaza mutu. Nikajaribu Ba mbele, kidole kikasimama kwa "bazawa", na neno la wazawa hapa Kivu linaamusha mabishano yenye hatutaki kwa harusi.

Wiki ya 3. Nikaacha kukata jina lake, nikachukua lile la nyumbani, Zaza. #ZazAmani, tena a moja ya kugawana. Mutoto: "za zamani". Tumerudia kwa ile ya kwanza, shangazi akacheka mpaka machozi.

Basi nikageuza, Amani mbele: #AmaniZaza. Hakuna herufi ya kugawana, kwa hiyo si ya ujanja sana, lakini i na z hazishikani kufanya neno lingine. Watoto watatu na mama mmoja wa sokoni, wote walikata fasi moja. Niliitafuta pia Instagram na Fesibuku mbele ya kukubali. Hii usiruke, juu #Amani peke yake imejaa Festivali Amani ya Goma na kampeni za amani, picha ya keki yetu ingezama humo.

Wiki ya 4. Bango. Fundi alinitumia mufano: #AMANI ZAZA, herufi kubwa zote na nafasi katikati, anasema njo inasomeka muzuri. Nafasi ile inakata heshtegi: yenye inashika ni #AMANI tu, Zaza anabaki maneno ya kawaida, na mugeni atakopi vile anaona ukutani. Yaani picha zote moja kwa moja kwa Festivali! Kistari ao apostrofi ingefanya vilevile. Tumekubaliana aunganishe, Amani kwa kijani, Zaza kwa rangi ya dhahabu, rangi ionyeshe fasi ya kukata.

Imebaki kuambia vijana wenye akaunti zao zimefungwa kwamba picha zao hazitaonekana kwa heshtegi na wasiowafuata. Na ba mama wote wanaweka kwa statusi ya WhatsApp, kule heshtegi haikusanyi kitu. Kwao nitapita na simu yangu, mumoja mumoja.