Siku moja na akaunti mpya ya keki Moshi: hashtagi tano zinavyochaguliwa

Saa 2:30 asubuhi

Kazi yangu ni kusimamia kurasa za Instagram za wafanyabiashara wadogo hapa Moshi. Ya leo ni ya dada anayeoka keki nyumbani kwake Pasua. Akaunti imefunguliwa jana, wafuasi sifuri. Maana yake ni kwamba atakayeiona posti ya kwanza ni mgeni aliyetafuta kitu au aliyeletewa na mtandao wenyewe, kwa hiyo hashtagi hapa zina kazi kuliko kwenye akaunti yenye watu tayari.

Kabla ya hashtagi naangalia mambo mawili. Akaunti isiwe ya faragha, kwa sababu posti za akaunti ya faragha hazionekani kwa asiyekufuata, hata uziwekee hashtagi gani. Halafu sehemu ya jina, ile iliyoandikwa `Name`, naiandika "Keki Moshi" pamoja na jina la biashara, maana mtu akitafuta, maneno ya pale husomwa pia.

Saa 3:30

Naanza na hashtagi za eneo, kwa sababu ndizo zinazodanganya zaidi. Wengi huweka `#moshi` wakiamini wamewafikia watu wa mjini. Ifungue uone: kuna picha za moshi wa moto, kuna vitu vya Kijapani vya "moshi moshi", na watu wa Moshi wamechanganyika humo kidogo kidogo. `#kilimanjaro` nayo imejaa wapanda mlima, picha za njia ya Machame na kibao cha kilele cha Uhuru. Kwa Arusha ni hivyo hivyo, `#arusha` ina magari ya safari na simba kuliko wauzaji wa Kilombero au Njiro. Jina maarufu la mahali, kwa akaunti mpya, ni hashtagi pana. Mtalii aliyeko Ujerumani anayepanga kupanda mlima hatanunua keki ya kilo mbili.

Kipimo changu ni hiki. Nafungua ukurasa wa hashtagi na kuangalia posti tisa za kwanza, yaani mistari mitatu. Nahesabu ngapi zina maandishi ya Kiswahili, bei au namba ya simu ya hapa nchini, na ngapi ni za mwezi huu au uliopita. Zikifika tano, naibakiza. Zikiwa za miaka miwili nyuma, hashtagi hiyo imekufa hata kama jina lake ni zuri.

Zinazobaki kwa dada huyu ni `#kekimoshi`, ambayo ni ndogo lakini anayeiandika anatafuta keki Moshi na si kingine, na `#moshitanzania`, ambayo ina wageni ndani yake lakini wenyeji pia wapo. Na hashtagi ya eneo haiwafikii wakazi peke yao. Mtoto aliyeko Dar anayetaka kumpelekea mama yake keki Majengo anaandika "keki Moshi" akiwa Dar. Desemba, watu wanapopanda kuja nyumbani kwa Krismasi, wa namna hiyo huongezeka.

Saa 5:00

Sasa hashtagi za fani. Naandika `#keki` kwenye kisanduku cha kutafuta bila kubonyeza, nasoma orodha inayojitokeza chini pamoja na idadi ya posti. Kila tahajia ni ukurasa wake: `#kekiyaharusi` na `#kekizaharusi` ni kurasa mbili tofauti, na mara nyingi mmoja una watu na mwingine umelala. Herufi kubwa hazibadilishi kitu, `#KekiMoshi` na `#kekimoshi` ni ukurasa uleule.

Kwa akaunti isiyo na wafuasi natafuta zenye posti elfu chache mpaka makumi elfu. Sababu ni jinsi kurasa hizi zinavyopangwa: zinazotangulia ni posti zilizopendwa na kujibiwa sana. Kwenye hashtagi ya mamilioni unashindana na kurasa zenye maelfu ya mioyo, na posti yako yenye mioyo kumi haitaonekana kabisa. Kwenye ndogo, mioyo kumi na tano inaweza kukuweka juu kwa siku kadhaa. Hivyo siangalii idadi peke yake, naangalia pia walioko juu wana mioyo mingapi.

Picha ya leo ni keki ya mtoto, kwa hiyo nachukua `#kekizabirthday` na `#kekizawatoto`. Ya harusi naiacha ingawa ina watu, kwa sababu picha si ya harusi. Anayetafuta keki ya harusi akakutana na katuni hupita bila kugusa, na posti inayopitwa na kila mtu haisambazwi.

Saa 7:00 mchana

Hashtagi pana ni moja tu: `#keki`. Siitegemei ilete mteja. Kazi yake ni kuujulisha mtandao picha hii ni ya nini. `#cake` siigusi, na `#love` au `#instagood` ndiyo kabisa: huleta komenti za kuomba ulipie utangazwe, na mioyo ya akaunti zisizo na mtu nyuma yake.

Zamani Instagram iliruhusu hashtagi 30 kwa posti. Mimi nafanya na tano: moja pana, mbili za fani, mbili za eneo. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, amesema zaidi ya mara moja kwamba hashtagi haziongezi sana idadi ya watazamaji, na nakubaliana naye. Zinachofanya ni kuipanga posti mahali pake, ndiyo maana maneno ya kapsheni yanapaswa kusema kilekile.

Saa 9:00

```
Keki ya bethdei kilo 2, vanila, Sh 50,000.
Tunaokea Pasua, Moshi. Tunaleta Rau, Majengo
na Shanty Town. Agiza siku 2 kabla.
#keki #kekizabirthday #kekizawatoto
#kekimoshi #moshitanzania
```

Kabla ya kuposti nakagua rangi. Hashtagi nzima inapaswa kuwa na rangi moja mpaka mwisho. Nafasi, kistari na alama ya ritifaa huikata. Ukiandika `#Ng'ambo` kwa ajili ya kata ya Ng'ambo, inayofanya kazi ni `#Ng` peke yake. Andika `#ngambomoshi`. `#Rau-Moshi` nayo inaishia `#Rau`.

Saa 11:00 jioni

Naposti watu wakianza kutoka kazini, na mahali naweka "Moshi, Tanzania", si "Mount Kilimanjaro". Dada anabaki na simu mkononi kujibu anayeuliza bei.

Saa 3:00 usiku

Kwa simu nyingine, yenye akaunti isiyomfuata, nafungua `#kekimoshi`. Posti ipo. Isingekuwepo, ningerudi kwanza kwenye faragha, kisha tahajia.

Takwimu za kugawanya wafuasi na wasio wafuasi bado hazinisaidii, kwa sababu leo wote ni wageni. Ninachoandika daftarini ni waliofungua profaili na waliokuja WhatsApp, na dada amwulize kila mmoja: "Umetuona wapi?" Posti ijayo ni keki ya kipaimara. Za eneo na `#keki` zitabaki vilevile, nitabadilisha zile mbili za fani tu, ili tofauti ikitokea nijue imetoka wapi.