Ujumbe wa mgonjwa ulioishia "sasa leo ma"

Nafanya kazi mapokezi katika zahanati binafsi hapa Dar es Salaam, na simu ya zahanati inakaa mezani kwangu. Asubuhi moja kabla ya saa mbili uliingia ujumbe wa wasapu kutoka kwa mama anayehudhuria kliniki kwetu: "Dada habari za asubuhi, samahani kukusumbua. Mimba yangu ina miezi saba, kichwa kinaniuma sana tangu jana jioni, nimekunywa panado haijatulia, sasa leo ma". Uliishia hapo. Nikasubiri kidogo nione kama juu ya jina lake patatokea neno la kuonyesha kwamba anaandika. Halikutokea.

Aliyezoea mapokezi anajua jinsi kichwa kinavyokimbilia kumalizia sentensi ya namna hiyo. Macho? Maji? Maumivu mengine? Kila mwisho una njia yake, na mtu ukishauchagua mmoja unajikuta unaandika jibu la ujumbe ambao hukutumiwa. Hata kuuliza "macho yanakusumbua?" ni kuchagua. Mgonjwa mwenye heshima na wasiwasi huwa anajibu lile aliloulizwa. Akisema hapana, na lile alilotaka kusema linaweza kubaki kwake.

Upande wa pili, ujumbe huo haukuwa wa kuwekwa pembeni hadi umalizike. Ukutani nyuma ya kiti changu kuna karatasi ambayo daktari wetu aliiandika kwa ajili ya mapokezi. Haielezi magonjwa. Ina maneno tu, ambayo yakionekana kwenye ujumbe au yakisikika kwenye simu, nesi anaitwa hapo hapo: mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana, mjamzito anayetokwa damu, mtoto wake kuacha kucheza tumboni, kifua kubana, kupumua kwa shida, degedege, mtoto mchanga asiyenyonya. Siku anaibandika alitufafanulia lile la kwanza. Mimba ikishapita wiki 20, kichwa kuuma sana kunaweza kuwa dalili ya presha kupanda, na hilo halijulikani kwa kusoma maneno kwenye simu. Linajulikana kwa kupima presha na mkojo. Kwa hiyo mimi siamui ana nini. Naamua nani asome ujumbe huu, na kwa haraka kiasi gani.

Nilimpelekea nesi simu yenyewe mkononi. Sikwenda kumwambia "kuna mama anaumwa kichwa", kwa sababu ukifupisha hivyo umeshadondosha "sana", umedondosha "tangu jana jioni", na umedondosha kwamba dawa haijamtuliza. Nesi aliyasoma kama yalivyoandikwa, akasema nimjibu mara moja na nimpigie, na nikimpata, yeye nesi ataongea naye.

Jibu nililotuma ni hili:

"Habari za asubuhi dada, ni mapokezi ya zahanati. Ujumbe wako tumeupata, lakini umekatikia kwenye 'sasa leo ma'. Nakupigia sasa hivi, nesi yupo hapa aongee na wewe. Kama huwezi kupokea, malizia kuandika au tuma sauti. Ukijisikia vibaya zaidi usisubiri jibu letu, mwombe mtu akusindikize uje hapa au kituo chochote kilicho karibu, au piga 115, ni bure."

Kila kipande kina sababu yake. Nimemrudishia maneno yake ya mwisho ili ajue ni wapi palikatika, maana kwenye simu yake huenda anaamini ameshatuma yote na anasubiri jibu. Nimesema nesi yupo, asije akadhani mtu wa mapokezi ndiye anayempa ushauri. Namba 115 ni ya mfumo wa m-mama, unaosaidia usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Yapo pia ambayo niliyaacha nje kwa makusudi. Sikuandika "usijali", kwa kuwa sijui kama hakuna la kujali, na neno hilo likitoka zahanati linamfanya mtu alale tena kitandani. Sikuandika kwamba wajawazito wengi huumwa kichwa, wala asubiri dawa ifanye kazi, wala aongeze nyingine. Na sikutaja mimba. Simu nyingi hapa kwetu zinashikwa na zaidi ya mtu mmoja, na ujumbe hujitokeza juu ya kioo hata kabla simu haijafunguliwa. Nani nyumbani anajua nini ni hiari yake mwenyewe.

Nilipopiga, kweli alipokea kijana. Nikamwambia, "Mdogo wangu, naomba kuongea na mwenye simu, napiga kutoka zahanati." Akauliza kuna nini. Nikamjibu kwamba ni vizuri niongee na mwenyewe, na kama yupo karibu ampelekee simu sasa hivi, asingoje. Akampelekea.

Mama alikuwa na sauti ya uchovu. Nilimwambia, "Dada, ujumbe wako ulikatika, ulikuwa unasemaje?" Nikanyamaza. Hilo swali fupi ndilo ninalolitegemea kuliko yote, kwa kuwa halimwekei mtu jibu mdomoni. Akasema, "Nilikuwa nakwambia leo mama mkwe kanikataza kumeza panado nyingine mpaka niwaulize nyie." Mama mkwe. Hakuna hata moja kati ya yale niliyoyadhania.

Mtu angeweza kupumua hapo na kumwambia haya, basi, panado si tatizo, au ni tatizo. Lakini mwisho wa ujumbe haukufuta mwanzo wake. Kichwa bado kilikuwa kinauma sana na mimba bado ilikuwa ya miezi saba. Nikamwambia, "Swali la dawa atakujibu nesi, huyu hapa," nikampa simu. Nesi aliuliza maswali yake, yakiwemo ya macho, kwa kuwa yeye anajua la kufanya na jibu lolote litakalokuja. Akamwambia aje asubuhi ile ile, na kadi yake ya kliniki.

Alikuja kwa bajaji, na mama mkwe pembeni yake. Nilikuwa nimeshatoa faili lake, hivyo hakupanga foleni, alipita moja kwa moja kwenye chumba cha kupimia presha. Kilichoonekana humo ni chake na cha waliompima. Upande wangu niliandika kwenye daftari saa ujumbe ulipoingia, maneno yake yote pamoja na pale palipokatika, jina la nesi aliyekabidhiwa, saa tuliyopiga, na saa aliyofika.

Kama asingepokea, utaratibu wetu ni kupiga tena baada ya dakika 5, kisha nesi, siyo mimi, anapiga kwa mtu wa karibu aliyeandikwa kwenye kadi.

Baada ya hapo nilimwomba daktari tubadilishe salamu ya wasapu inayojituma yenyewe. Ilikuwa ikisema "Asante, tutakujibu baada ya muda mfupi", na mgonjwa aliyeshikwa usiku wa manane angeisoma akaendelea kusubiri. Sasa inasema: "Simu hii inasomwa saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kama una hali ya dharura usisubiri jibu hapa, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe."