Mlango ulioandikwa "mdomo, mtu"

Leo mchana nilikuwa ndani ya duka moja hapa Majengo, Dodoma, nasubiri risiti. Kwenye kioo cha mlango kuna maandishi ya Kichina, yamebandikwa kwa nje.

Nikapiga picha, nikatafsiri.
Jibu: "mdomo, mtu". Eti!

Nikaangalia namba ya simu chini yake. Zile 7 zote zimegeukia kulia. Kumbe nasoma kinyume!

Nikaingia kwenye kuhariri picha, nikabadilisha kushoto kuwa kulia. (Kuizungusha hakusaidii, inapinduka tu.)
Nikatafsiri tena: 入口, "mahali pa kuingilia".

Kilichoniacha hoi: 口 ukiigeuza inabaki vilevile, ila 入, "kuingia", inafanana na 人, "mtu". Ndiyo maana simu haikushtuka.

Nani mwingine kioo kimeshamwingiza mjini?