Barua ya kumrudisha mtu kazini: nilivyoandika "umesamehewa" nikarudishiwa

Mzee wa stoo aliisoma barua yangu akiwa amesimama, akaikunja, akairudisha mezani taratibu.

"Mwanangu, hapa umeandika nimesamehewa. Nimesamehewa nini?"

Sikuwa na jibu. Na kinachouma ni kwamba nilikuwa nimeiandika kwa furaha, nikijua nampelekea mtu habari njema. Ilikuwa mistari mitatu tu: "Uongozi umeamua kukusamehe na kukurudisha kazini kuanzia tarehe ya barua hii. Unaaswa kuwa mwangalifu zaidi siku zijazo." Nikiisoma leo natamani kuitafuna.

Kisa chenyewe ni hiki. Siku ya kuhesabu mali zilikosekana boksi 14 za glavu. Mzee akasimamishwa kuanzia 3 Machi, kwa nusu mshahara, kupisha uchunguzi. Uchunguzi ukaja kuonyesha kwamba boksi hizo zilichukuliwa usiku na idara nyingine, yeye akiwa hayupo zamu, kwa kikaratasi cha mkono ambacho hakuna aliyekiingiza kwenye leja. Kamati ya nidhamu ikaandika maneno mawili: tuhuma hazikuthibitika. Kusimamishwa kukaisha 19 Mei, mimi afisa utumishi nikaambiwa niandike barua.

Ushauri nilioupata ulikuwa wa kunipoteza. Mkuu wangu alisema, "Mpigie simu arudi, barua ya nini?" Lakini mtu aliyesimamishwa kwa barua harudishwi kwa simu. Miaka mitano mbele atakayefungua faili lake atakuta mtu aliyesimamishwa na hakuna karatasi inayosema alirudi. Mwenzangu wa ofisi nyingine, mkongwe wa kazi hizi, akanipa nakala ya zamani, "badilisha jina tu." Nikabadilisha jina tu. Sikujua kwamba barua ile iliandikiwa mtu aliyepatikana na kosa dogo akapewa onyo. Ndiyo maana ilikuwa na msamaha na kuaswa. Mzee wetu hakuwa na kosa la kusamehewa, na ile "kuwa mwangalifu" ilikuwa onyo kamili limevaa nguo za nasaha. Lingekaa kwenye faili lake, na siku ya kupandishwa cheo mtu angelinyooshea kidole.

Rasimu ya pili nikaangukia upande wa pili. Kwa aibu niliyokuwa nayo niliandika ukurasa mzima, nikasimulia mkasa wote, nikamtaja hadi aliyesaini kile kikaratasi, nikahitimisha kwamba uongozi umejiridhisha kuwa huyu mtu hana hatia yoyote. Mwenyekiti wa kamati akaipiga mistari myekundu. Kamati ilisema tuhuma hazikuthibitika, sasa haya mengine umeyatoa wapi? Na huyo uliyemtaja, ameshaitwa kujieleza? Alikuwa na haki. Kazi ya barua ni kubeba uamuzi kama ulivyoandikwa, kwa maneno yale yale ya muhtasari wa kikao. Ushahidi na majina ya watu hubaki kwenye taarifa ya uchunguzi.

Usiku ule, badala ya kutafuta sampuli nyingine, nilitoa kwenye faili barua iliyomsimamisha. Nikaiweka kushoto, karatasi tupu kulia. Kila mahali ambapo barua ya kushoto ilimnyang'anya kitu, nikaandika kulia sentensi ya kumrudishia. Ninajivunia sana mbinu hii, na hadi leo naitumia. Kushoto: "unasimamishwa kazi kuanzia 3 Machi." Kulia: kusimamishwa kumeondolewa. Kushoto: "utalipwa nusu mshahara." Kulia: nusu iliyozuiwa italipwa. Kushoto alikatazwa kuingia maeneo ya kazi, alitakiwa kukabidhi funguo na kitambulisho, alifungiwa akaunti ya mfumo wa stoo, alizuiwa kuzungumza na wenzake kuhusu suala hilo. Kila kimoja kikapata mwenzake. Hata orodha ya waliopewa nakala niliihamisha kama ilivyo, maana waliopashwa habari ya kusimamishwa ndio hao hao wanaopaswa kupashwa ya kurudi. Katika nakala za mwanzo alikuwemo mkuu wa ulinzi. Shikilia hilo, nitalirudia.

Upande wa kulia ndio ulionionyesha mtego wa "kuanzia tarehe ya barua hii." Kutoka 3 Machi hadi 19 Mei ni siku 78. Ukimrudisha kuanzia tarehe ya barua bila kusema lolote zaidi, siku 78 zinaning'inia. Si kazi, si likizo, na mtu wa mafao akija kuhesabu utumishi anaweza kuzikata. Tarehe ya kuripoti ni kitu kimoja, tarehe ambayo haki zinarudi ni kingine, na zote mbili ziandikwe. Kiini cha barua kikawa hivi:

"Rejea barua yetu ya kukusimamisha kazi kuanzia 3 Machi. Kamati ya nidhamu imekamilisha shauri lako na kuamua kuwa tuhuma hazikuthibitika. Shauri limefungwa na hakuna adhabu wala onyo linalotokana nalo.

Kusimamishwa kwako kumeondolewa. Utaripoti kazini 20 Mei katika cheo chako cha Mtunza Stoo, ngazi ile ile ya mshahara, na majukumu yako yote ya awali.

Kipindi cha 3 Machi hadi 19 Mei kitahesabiwa kuwa utumishi kamili usiokatika, kwa ajili ya mshahara, nyongeza ya mwaka, likizo na michango ya mafao. Sehemu ya mshahara iliyozuiwa utalipwa pamoja na mshahara wa Mei, kwa mchanganuo ulioambatishwa."

Baada ya hapo zikafuata sentensi za funguo, kitambulisho na akaunti, kisha saini. Haikujaza ukurasa.

Mzee alitaka pia neno pole liwemo. Mkuu akakataa katakata, akidai pole kwenye barua ni kukiri. Mimi naona angeweza tu kuliacha lipite, lakini sikushinda. Nilimpa pole kwa mdomo, mlango ukiwa wazi ili na wengine wasikie.

Mchanganuo wa malipo ulinitoa jasho kuliko barua. Mhasibu alifanya hesabu ya haraka: siku 78 za nusu mshahara ni sawa na siku 39 za mshahara kamili, lipa, kwisha. Ilikuwa inapendeza machoni. Lakini nyongeza ya mwaka ilikuwa imeanza 1 Aprili, na mzee peke yake ndiye aliyerukwa kwa sababu jina lake lilikuwa na alama ya kusimamishwa. Kwa hiyo siku 49, yaani Aprili yote na siku 19 za Mei, hata nusu aliyolipwa ilikuwa nusu ya mshahara wa zamani. Ukichukua siku 39 kwa kiwango cha zamani unamwibia bila kujua.

Tukaacha kupiga hesabu ya nusu. Nilimwomba mhasibu atoe hati za mshahara za mfano kwa Machi, Aprili na Mei kana kwamba mzee hakuwahi kusimamishwa, akiwa na nyongeza yake na posho zake za kudumu. Kisha tukatoa kile alicholipwa kweli, mwezi kwa mwezi. Tofauti ndiyo anayodai. Njia hii ikafukua na jambo jingine ambalo hakuna aliyeliwaza: michango yake ya mafao, ya kwake na ya mwajiri, ilikuwa imepelekwa kwa nusu mshahara, kwa hiyo nayo ilikuwa pungufu. Posho ya zamu za usiku hatukuiweka, kwa sababu hulipwa kwa zamu iliyofanywa. Tulimweleza sababu kwenye mchanganuo wenyewe, hakubisha. Kuna aliyependekeza siku 78 zikatwe kwenye likizo yake "kwa kuwa alikuwa nyumbani." Nilijifanya sikusikia.

Basi 20 Mei ikafika. Barua imetoka, imesainiwa, nimepanga hata kumsubiri stoo na funguo mkononi. Saa mbili na robo simu ikalia kutoka getini. Mzee amezuiwa. Nikashuka mbio. Ukutani kwenye kibanda cha mlinzi kulikuwa na karatasi imegandishwa kwa gundi, kichwa chake WASIORUHUSIWA KUINGIA, na jina la mzee lilikuwa la kwanza, limeandikwa kwa kalamu nene. Barua mpya ameishika mkononi, mlinzi anamwambia kwa heshima zote, "Mzee wangu, mimi nafuata karatasi yangu."

Ile nakala ya mkuu wa ulinzi niliyoihamisha kwa uangalifu mkubwa? Ilikuwa bado juu ya meza yangu, chini ya kikombe cha chai. Nilibandua ile karatasi kwa kucha zangu mwenyewe, mbele ya mzee, ikachanika vipande. Tangu siku hiyo nakala zinatoka siku moja kabla, na mimi hupiga simu getini na kwa mtu wa kompyuta kuuliza kama wamezifanyia kazi.

Stoo kwenyewe, aliyekuwa anakaimu alitaka kumkabidhi funguo na kuondoka. Hapo mzee alinifundisha kazi yangu. Akakataa kushika funguo hadi mali zote zihesabiwe na wao wawili wasaini. Ilichukua siku nzima na sehemu ya kesho yake, na upungufu wa vitu vichache ukaonekana, vimetoka wakati yeye yuko nyumbani. Angepokea funguo bila hesabu, tungeandikiana barua nyingine ya kusimamishwa kabla wino wa hii haujakauka. Sasa sentensi ya makabidhiano kwa hesabu iliyosainiwa naiweka ndani ya barua.

Mwisho wa Mei akaja tena ofisini na hati ya mshahara, kidole kikiwa kwenye mstari wa kodi. Malimbikizo yote yalikuwa yameingia mwezi mmoja, na mfumo ukamkata kana kwamba huo ndio mshahara wake wa kila mwezi. Nilikuwa sijamtahadharisha. Mhasibu akauliza kwa watu wa kodi, akaelekezwa kuyagawa malimbikizo kwa miezi yaliyohusika, na sehemu iliyokatwa zaidi ikarudi mwezi uliofuata. Kwenu huenda utaratibu ni tofauti, ulizeni kabla ya kulipa.

Mzee akakunja hati yake, akauliza kama naweza kumpa nakala nyingine ya barua, ya kwanza mkewe ameiweka mahali hataki kuitoa. Nikampa mbili.