Siku moja maabara Tanga: harufu ya ndizi peke yake haitoshi

Saa mbili asubuhi. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya kemia katika chuo kimoja hapa Tanga, na leo wanafunzi wa mwaka wa pili wanatengeneza isoamili asetati, esta yenye harufu ya ndizi mbivu. Nitamfuata binti mmoja wa meza ya dirishani, maana ripoti yake ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Anapima mililita 15 za alkoholi ya isoamili na mililita 20 za asidi asetiki kwenye flaski ya kitako cha duara, kisha anaongeza taratibu mililita 4 za asidi salfuriki kali, huku akitikisa flaski. Asidi asetiki imezidi alkoholi zaidi ya mara mbili kwa moli, na kwa makusudi. Mmenyuko huu hurudi nyuma, kwa hiyo tunausukuma mbele kwa kuzidisha kitu kimoja. Tunazidisha asidi kwa sababu ikibaki, huoshwa kirahisi. Alkoholi ikibaki inasumbua, kama tutakavyoona.

Saa tatu. Anatia vijiwe vya kuchemshia, kondensa inasimama wima, maji yanaingia chini na kutoka juu. Rifluksi, yaani kuchemsha huku mvuke ukigeuka matone na kurudi flaskini, inaendelea kwa saa nzima. Ninachoangalia ni mahali mvuke unapogeukia matone: usipande zaidi ya theluthi ya chini ya kondensa. Ukipanda, punguza moto.

Saa nne na nusu, flaski imepoa. Anamimina kwenye faneli ya kutenganishia pamoja na mililita 50 za maji baridi. Esta ni nyepesi kuliko maji, hukaa juu. Anatoa tabaka la chini, lenye asidi nyingi, kisha anaosha esta kwa mmumunyo wa asilimia 5 wa sodiamu haidrojenikaboneti. Hapa huwa sitoki mezani. Gesi ya kabonidayoksaidi hutoka kwa fujo, na faneli ikizibwa mapema kizibo huruka. Azungushe bila kizibo kwanza, povu litulie, ndipo azibe, aigeuze na kufungua bomba kutoa gesi. Anarudia hadi maji ya chini yageuze litimasi nyekundu kuwa bluu.

Anamalizia kwa maji ya chumvi yaliyokolea, kisha magnesiamu salfeti kavu. Unga huu mwanzoni hugandamana chini kama chumvi ya jikoni msimu wa masika. Anaongeza kidogo kidogo hadi chembe zielee huru anapotikisa. Kwa unyevu wa Tanga, chombo hakikai wazi.

Saa saba mchana, ukenekaji. Balbu ya kipimajoto iwe chini kidogo ya mkono wa pembeni; ikiwa juu zaidi, haizungukwi na mvuke na usomaji unashuka. Kimiminika cha kwanza kinatoka kati ya 128 na 136 °C, anakipokea kwenye chupa yake. Kisha joto linapanda na kutulia kati ya 138 na 142 °C. Kiwango cha kuchemka cha esta hii ni 142 °C kwenye kanieneo ya usawa wa bahari, na sisi tuko pwani, hatuhitaji kusahihisha. Arusha ingechemka kwenye nyuzi kadhaa chini.

Chupa ya pili ina gramu 12.6. Alkoholi ndiyo iliyoweka kikomo, na kinadharia ilipaswa kutoa gramu 18.0, kwa hiyo mazao ni asilimia 70.

“Mwalimu, hii ya kwanza nayo inanukia ndizi. Nisiichanganye ili mazao yapande?”

“Subiri mdogo wangu, tuipitishe kwanza kwenye infraredi.”

Saa tisa. Infraredi huonyesha vifungo vilivyomo kwa mwanga vinavyoufyonza. Chupa ya pili inaonyesha kilele kikali karibu na 1742 cm⁻¹, cha kifungo C=O cha esta, na kingine kipana karibu na 1240, cha C–O. Kuzunguka 3300 mstari umenyooka. Chupa ya kwanza nayo ina 1742, lakini kuzunguka 3340 kuna kilele kipana: O–H ya alkoholi, inayochemka karibu na 132 °C. Kama lingekuwa tatizo la maji, tungetazamia pia kilele kidogo karibu na 1640, na hakipo. Asidi asetiki ingejionyesha kwa C=O iliyoshuka karibu na 1715.

Ndiyo maana simkubalii mwanafunzi anayeandika tu “C=O imeonekana, esta imepatikana.” Ripoti iseme pia kilichokosekana, maana kukosekana kwa O–H ndiko kunakoonyesha kwamba alkoholi imeondoka. Hata hivyo, infraredi haioni vizuri uchafu mdogo sana, na vilele hivi vinapatikana kwenye asetati nyingine pia. Kiwango cha kuchemka ndicho kinachozitenga.

Saa kumi ameandika chupa mbili katika mistari miwili: gramu 12.6, 138–142 °C, hakuna O–H; gramu 2.1, 128–136 °C, mchanganyiko wa esta na alkoholi, haikuhesabiwa kwenye mazao.